Sahani ya Aliyechelewa

Mama mkwe wangu, ambaye nyumbani wote tunamwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaa, hajawahi kupakua chakula bila kumwekea mtu ambaye hayupo. Mkiwa watano, atapakua sahani sita. Ile ya mwisho anaifunika kwa sahani nyingine, anaiweka kwenye rafu iliyo karibu na mafiga, na hapo inakaa mpaka mwenyewe atokee. Ukimwuliza ni ya nani, atakujibu ni ya aliyechelewa. Akitokea mtu, hata kama ni fundi wa baiskeli aliyeingia kuomba maji ya kunywa, basi ndiye. Asipotokea mtu, inaliwa asubuhi na chai.

Mimi nami kazi yangu ni kuuza sambusa, na kanuni yangu ya kwanza ni kwamba simwekei mtu. Hebu fikiria wanawake hao wawili ndani ya jiko moja.

Nilizaliwa upande wa Kilimanjaro, nikaolewa na Mwarusha wa huku nyuma ya Ngaramtoni. Siku ya harusi watani walisema Mchaga anapenda hela na Mwarusha anapenda nyama, kwa hiyo mimi ninayeuza nyama ili nipate hela nilikuwa nimefika nyumbani kabisa. Nilicheka sana. Sikujua kwamba ugomvi ungetokea kwenye hiyo hiyo nyama.

Siku za kawaida huwa nakaa Sokon One, kule mjini, jirani na magereji, ambako mafundi wanakula wamesimama huku mikono imejaa grisi. Siku za soko nahamia Ngaramtoni. Nina karai, jiko la mkaa, meza, mwavuli, na masinia matatu ya rangi tatu. Friji sina, na hata ningekuwa nayo ningeichomeka wapi, kwenye mti? Jua la Januari likishaupiga ule uwanja, vumbi linapanda, mlima wenyewe unafichwa na ukungu wa joto, na hapo ndipo unapomjua muuzaji ni nani.

Mama yangu mzazi, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa na neno moja tu: moto au kavu, katikati hakuna. Karanga ni kavu, zitakaa. Mandazi makavu yatakaa. Lakini sambusa ya nyama, katlesi, yai lililomenywa, hivyo ni vitu vyenye unyevu ndani, na kitu chenye unyevu kikiacha kuwa moto kinaanza safari yake. Huioni safari hiyo. Hakinuki, hakibadiliki rangi, na mteja atakusifia huku anakila. Usiku ndipo atakapokukumbuka.

Ndiyo maana nyama yangu naipika mpaka maji yote yaishe na vitunguu viive humo humo. Wenzangu wengine wanachanganya vitunguu vibichi mwishoni ili sambusa ijae na iwe na utamu wa kutafuna. Kwenye baridi ya Julai sisemi neno, lakini joto likija kitunguu kibichi kinatoa maji, na yale maji ndiyo yanayochachusha. Nikishaipua, siiachi nyama ndani ya sufuria na mfuniko juu, maana katikati ya sufuria joto linajificha na haipoi hadi mchana. Naimwaga kwenye sinia pana, naitandaza nyembamba, naifunika kwa kipande cha neti safi ili nzi wabaki na hamu yao. Inapoa upesi. Nikimaliza nafungia kwenye manda, zile karatasi za unga, na nakaanga hapo hapo, kidogo kidogo, kadiri watu wanavyokuja.

Yale masinia matatu nayo yana kazi yake. Karai la kwanza linaingia sinia jekundu, la pili la bluu, la tatu la kijani. Sichanganyi ya zamani na mpya hata kama imebaki moja. Sambusa ikishatoka kwenye mafuta ina muda wa saa mbili, na jua likiwa kali kabisa naipa saa moja. Baada ya hapo inatoka mezani. Mayai nayachemsha na kuyaacha na maganda yake. Namenya mteja akishaniambia nataka. Kachumbari nakata kiganja kimoja kimoja, iliyooshwa kwa maji yaliyochemshwa, na limau juu. Chakula nakishika kwa koleo, mkono wangu mmoja ni wa hela na haujui sambusa inafananaje.

Na simwekei mtu. Hapo ndipo nilipochukiwa. Maana huku kwetu mteja wa kudumu haombi, anatangaza: "Mama, niwekee mbili, narudi!" Anaondoka, anakwenda kuangalia ng'ombe, anakutana na shemeji yake, anasahau, anarudi jua linazama na kudai zake. Nawaambia, "Sikuwekei sambusa, nakuwekea nafasi. Ukirudi nakukaangia." Wengine wananielewa. Wengine wananiita Mchaga mwenye roho ngumu, na wakirudi wanazila zikiwa za moto huku wananisema.

Yeyo alikuwa akileta maziwa Ngaramtoni siku za soko. Anakaa hatua chache kutoka kwangu na vibuyu vyake, kanga yake begani, shanga za masikioni zinacheza akigeuka. Maziwa yake yana wateja wanaotoka mbali. Kila asubuhi anavisafisha vibuyu kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, anakisugua ndani mpaka moshi unatoka mdomoni mwa kibuyu, ndipo anamimina. Hajawahi kurudishiwa kibuyu. Kwa maziwa, yule mama ni mwalimu, na mimi nilimheshimu tangu siku ya kwanza.

Sasa siku moja aliniona naondoa sambusa sinia zima, zilizopitiliza, nazimimina kwenye ndoo ya mtu anayefuga nguruwe. Alisimama. Alisimama kabisa, akaacha wateja.

"Wewe! Hiyo si nyama?"

"Ni nyama, Yeyo. Imekaa."

"Imekaa wapi? Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi, na mimi utanimwaga?"

Soko zima lilicheka, mimi pia. Lakini yeye hakuwa anatania. Kwenye ukoo wao nyama haitupwi. Nyama ina mgawo, kuna ya wazee, kuna ya kina mama, kuna ya vijana, na ya mtu asiyekuwepo inamsubiri. Kumwaga nyama ni kama kumfukuza mtu ambaye bado hajafika. Jioni yake hakunisemesha, na sahani yangu siku hiyo aliniwekea nusu.

Nilijaribu kumweleza kwamba hata kukaanga upya hakusaidii, kwamba moto unawaua wadudu lakini sumu waliyokwisha kuiacha ndani ya chakula inabaki. "Sisi tumekula kiporo tukazaa," akasema. Utambishia nini mtu wa namna hiyo? Nikaosha vyombo.

Tukaishi hivyo, kwa amani yenye mdomo uliobana, mpaka ilipokuja posa ya wifi yangu.

Wifi ndiye kitinda mimba wa Yeyo, mwalimu wa chekechea, msichana wa kucheka ovyo. Alikuwa amempata kijana wa Moshono, na bahati ilivyo na vituko, kijana mwenyewe ni Mchaga. Walikuwa wamependana kwa muda mrefu na sote tulijua. Ilibaki wazee wake waje rasmi, wajitambulishe, waseme neno lao. Ikaja habari kwamba watakuja Jumamosi, saa sita mchana, na kwamba bibi yake kijana atakuja nao. Huyo bibi alikuwa ametoka hospitalini si muda mrefu, tumbo lilikuwa limemsumbua mpaka akawekewa dripu, lakini alisema hawezi kukosa kumwona mchumba wa mjukuu wake kabla Mungu hajamwita.

Yeyo aliniita. "Wewe ndiye mtu wa vitafunwa," alisema. "Na hao ni watu wenu. Nataka wakiingia tu, meza imejaa. Sahani zimefurika. Mtu asiniambie Waarusha hawana kitu."

"Watakula za moto, Yeyo."

"Watakula nyingi," akasema.

Wifi alinifuata nyuma ya nyumba. Alikuwa ameshika vidole vyake mwenyewe, anavivunja kimoja kimoja. "Wifi yangu, naomba," akaniambia. "Mama yake hanitaki sana. Anasema nyumba za huku hazijulikani. Kikiharibika kitu chochote siku hiyo, atapata la kusema maisha yangu yote."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, wifi yake nipo. Kwenye meza yangu sokoni mimi ndiye mkuu wa mkoa. Kwenye jiko la mama mkwe mimi ni mkwe, na mkwe hapingi mbele ya wageni.

Jumamosi ikaja na jua lake. Nilikuwa buchani mapema, nikaleta nyama, nikaipika na tangawizi na vitunguu saumu mpaka ikakauka, nikaitandaza kwenye masinia chini ya mparachichi. Manda nilikwisha kuzichoma, zimepangwa ndani ya kitambaa safi. Unga wa kugandishia tayari. Mafuta tayari. Nilijipanga hivi: nikiwasikia wageni barabarani, nafunga na kukaanga wakati wanasalimiana. Na salamu za huku, wazee kwa wazee, unaweza kukaanga makarai mawili kabla hawajamaliza kuulizana habari za ng'ombe.

Saa sita ilipokaribia, simu ikalia. "Tuko njiani."

Ee Mwenyezi, hilo neno! Mtanzania akisema yuko njiani, huenda ndiyo kwanza anatafuta soksi. Lakini Yeyo alilishika lilivyo. Akaja jikoni mbio. "Kaanga! Wapo njiani!"

"Yeyo, tusubiri tusikie gari."

"Kaanga, nimesema."

Nikakaanga karai moja. Zikatoka nzuri, za dhahabu, pembe zimesimama. Yeyo akachagua zile bora, akaleta hotpoti yake kubwa yenye maua mekundu, ile ya sherehe, akazipanga ndani na kuifunga kwa nguvu. "Hizi za wazee," akasema. "Mzee wao mkubwa na yule bibi. Za kwao zisiguswe." Akaibeba kwa mikono miwili akaiweka sebuleni, juu ya kabati, kitambaa cha kudarizi juu yake. Zilizobaki tukawapa watoto wa jirani na majirani wenyewe waliokuja kusaidia.

Saa saba, hawapo. Simu haipokelewi. Saa nane ndipo yule kijana akapiga, sauti imekwisha: mtaani kwao kulikuwa na mazishi, mzee wao mkubwa ni mzee wa kanisa, hawezi kuondoka kabla ya kaburi kufunikwa. Wanaomba radhi sana. Watafika, lakini baadaye.

Hakuna wa kumlaumu kwa mazishi. Wifi akaenda kulala kifudifudi kitandani na gauni lake jipya, mpaka nikamwamsha asilikunje. Mimi sikuwa nimeisubiri simu hiyo: saa saba ilipopita bila gari niliangalia nyama yangu kwenye sinia, saa zake mbili hazijaisha. Ilikuwa imepoa, na joto la siku lile lilikuwa la kuivisha ndizi. Nikaikusanya yote, nikairudisha kwenye sufuria, nikaongeza maji, nikaiweka juu ya mkaa ichemke polepole. Ikikauka naongeza maji, nakoroga, inaendelea kutoa mvuke. Yeyo alipita akachungulia.

"Unaipika nini tena nyama iliyokwisha kuiva? Unamaliza mkaa."

"Naitunza, Yeyo."

"Unaitunza kwa kuichemsha?"

"Ama ichemke, ama iliwe sasa hivi. Katikati siiachi."

Akaguna, akaenda zake. Akarudi na mkaa zaidi, lakini akaumwaga kwa kelele ili nijue hajakubali.

Jua lilikuwa limeshaanza kuelekea upande wa Monduli tuliposikia gari. Watoto wakakimbia kuinamisha vichwa waguswe na wazee, "Shikamoo" zikaanza kuruka, bibi akateremshwa taratibu akishikwa pande zote mbili, mwembamba, mweupe nywele zote, anacheka. Nilimpenda pale pale. Alifanana na watu wa kwetu. Mama wa kijana alishuka wa mwisho, mkoba kifuani, anatazama kila kitu kuanzia paa mpaka nyayo zetu.

Mimi nikawa nimeshaikausha nyama, nimeitandaza kwenye masinia mawili, naipepea na kifuniko cha ndoo. Nikaanza kufunga. Na hapo ndipo Yeyo aliposema kutoka sebuleni, kwa sauti ya kusikika na wote, "Mkwe wangu, leta sahani! Za wazee ziko tayari hapa."

Mikono yangu ilisimama na manda ndani yake. Ile hotpoti ilikuwa imekaa tangu saa sita. Ilifunguliwa na kufungwa sijui mara ngapi, maana niliwaona watoto na majirani wakichungulia. Wengi wanadhani hotpoti ni friji iliyogeuzwa. Si hivyo. Ukiweka kitu kinachochemka, ikajaa pomoni na isiguswe, itakusaidia kwa muda. Ukiweka sambusa chache na kufungua kila mara, unakuwa umezijengea nyumba ya joto la kadiri, na mvuke wake unazilowesha. Na ya kwanza kutolewa humo ingeingia mdomoni mwa yule bibi aliyetoka kwenye dripu.

Nikaona yote kwa mara moja: bibi amelazwa tena, mama wa kijana anasema, "Si niliwaambia?", wifi yangu anavua pete ambayo hata hajavishwa. Na upande wa pili nikajiona nikimwambia mama mkwe mbele ya Wachaga wenzangu kwamba chakula chake hakifai. Hilo nalo lisingesahaulika mpaka kiama.

Nikachukua sahani, nikaenda. Sikuingia sebuleni. Nikasimama kwenye ukumbi mdogo ambapo wageni hawaoni, nikamwita kwa adabu zote. "Yeyo, naomba unisaidie kidogo." Akaja, na hotpoti mkononi, uso umekunjamana.

"Nini?"

"Yeyo, hizo tusiwape."

"Zina moto bado. Shika." Akanishikisha ubavu wa chombo. Akafungua. Mvuke kidogo ukatoka, na maji yakachuruzika kutoka kwenye mfuniko. Sambusa zilikuwa zimelegea pembe. Hazikuwa na harufu yoyote mbaya, na hilo ndilo lililonitisha.

"Si moto, Yeyo. Ni vuguvugu."

"Ni hivyo hivyo."

"Yeyo," nikamwambia, na sijui neno lilitoka wapi, maana sikuwa nimelipanga, "ukitaka maziwa yagande upesi, kibuyu unakiweka wapi?"

Alinitazama kama ninayemchezea. Wageni wanacheka sebuleni, mimi namuuliza maziwa. Lakini kwenye maziwa yule mama hawezi kuacha swali lipite.

"Karibu na mafiga," akasema. "Penye vuguvugu."

"Na ukiyachemsha yakafoka, yanaganda?"

"Hayawezi."

"Na asubuhi kwenye baridi ya Julai?"

"Yanachelewa." Akatazama ndani ya hotpoti. Akatazama tena, muda mrefu kidogo, na nikaona midomo yake inatembea bila sauti. "Kwa hiyo nimeiweka kwenye mafiga," akasema polepole. "Nyama."

"Ndiyo, Yeyo. Tangu mchana."

"Na nyama haigandi ikawa tamu."

"Haigandi ikawa tamu."

Akaifunga hotpoti. Akavuta pumzi. "Mke wa mwanangu," alisema, "wewe una mdomo mrefu. Nenda kakaange."

Nikakimbia. Nikiwa nafunga pembe za kwanza nilimsikia sebuleni, ile sauti yake ya sokoni imerudi. "Wakwe zangu, mtatuvumilia! Hapa kwetu mgeni aliyetoka makaburini halishwi kilichopoa. Mtasikia mafuta yakiimba kwanza, ndipo mtakula. Mnywe chai." Na yule mzee mkubwa akajibu, "Hapo umenena, mama! Tangu asubuhi hatujaona kitu cha moto." Wakacheka. Mimi nikatumbukiza sambusa, karai likaitika, na nikajikuta ninalia na kucheka, pua inachuruzika, nageuza uso pembeni isije ikaingia kwenye mafuta.

Walikula wamezishika kwa vidole viwili viwili wakipuliza. Sahani hazikufurika. Zilikuwa zinaisha na kuja nyingine, zinaisha na kuja nyingine, na Yeyo alikuwa anazipokea mlangoni mwenyewe. Mama wa kijana alikula, akafuta vidole, akauliza nani kakaanga. Wifi akajibu haraka, "Ni wifi yangu," kwa majivuno yasiyo na aibu. Yule mama akasema kwao hawajui kuzikausha namna ile. Sikutegemea neno zaidi ya hilo na nililipokea lote.

Wakati wa kuondoka, bibi alimshika Yeyo mkono. "Mama, niwekee moja ya njiani," akasema, na akatoa kitambaa chake cha mkononi.

Nikaganda. Kumkatalia bibi wa watu, mgeni, mgonjwa, siku ya posa! Lakini Yeyo hata hakunitazama. "Ya njiani, bibi, kula hapa hapa nikuone," akasema, akamkabidhi iliyotoka kwenye karai. "Kule mbele itakuwa vuguvugu, na vuguvugu ni la kugandishia maziwa." Kisha akaenda chumbani, akarudi na karanga zilizokaangwa, kavu, akamfungia kwenye kile kitambaa. Bibi alikula sambusa yake amesimama, ameshikiliwa na wajukuu, anatafuna taratibu huku gari linaunguruma. Kesho yake kijana alipiga simu kusema bibi amelala kama mtoto na anauliza harusi lini.

Gari lilipopotea, Yeyo aliichukua hotpoti yake. Nilimfuata mpaka kwenye migomba. Alichimba kwa jembe mwenyewe, akakataa kunipa, akamimina zile sambusa za wazee na kuzifukia ili mbwa wasizifukue. Alikaa juu ya gogo. Nilidhani atanigombeza sasa, tukiwa peke yetu.

"Baba yenu alikuwa anaswaga ng'ombe wa watu mpaka minadani," alisema. Alikuwa anamsema mume wake, ambaye mimi sikumkuta. "Hana saa ya kurudi. Nikajifunza kumwekea. Akija anakula, hata kama ni alfajiri. Siku ile ya mwisho nikamwekea, wakaja watu asubuhi kuniambia ameanguka njiani, hataamka. Sahani iko pale pale kwenye rafu. Watu walipoondoka nikaila yote mwenyewe, mkwe wangu. Nilikuwa nalia na ninakula. Kuimwaga nisingeweza."

Nilikaa kwenye gogo pembeni yake. Nilihuzunika na nilimpenda, vyote kwa pamoja, na nikamwambia hivyo. Akanipiga begani. "Nyamaza, una harufu ya mafuta," akasema. Tukarudi ndani kuosha vyombo.

Wifi yangu sasa yuko Moshono, anacheka ovyo kwenye nyumba yake.

Wiki chache baada ya posa ile, siku ya soko, nilichelewa. Pikipiki iliyokuwa imebeba vyombo vyangu ilipata pancha, nikafika nyumbani kiza kinaingia, miguu inawaka, njaa inaniuma. Niliingia jikoni na jicho langu likaenda moja kwa moja kwenye rafu. Hakukuwa na sahani. Rafu nzima ilikuwa tupu, imefutwa. Wengine walikwisha kula na vyombo vimeoshwa. Nitakuwa mkweli: roho iliniuma. Miaka yote ile nilikuwa nikiipinga sahani, na siku ilipokosekana nilihisi kama mtu aliyesahauliwa barabarani.

"Shikamoo, Yeyo," nikasema.

"Marahaba. Mbona umesimama? Kaa." Alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mafiga. Kuni zilikuwa zinawaka vizuri, na karai limekaa juu yake na mafuta. Kando yake beseni la viazi vilivyomenywa, vimelala ndani ya maji, mayai mawili na maganda yake, na kibuyu kilichotoka kupigwa moshi.

Hakugeuka. Alikuwa anakausha viazi kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Chakula sikukuwekea," alisema. "Nimekuwekea moto."

Nikavua viatu, nikakaa chini karibu naye, na tukasubiri mafuta yapate.